Oda Zilizookolewa na Oda Zilizokuwa Zinarudi Zenyewe

Mteja ameingia kwenye duka la mtandaoni saa nne usiku. Amechagua dera mbili na shuka moja la kitanda, ameziweka kwenye kikapu, akaandika jina, namba ya simu na barua pepe. Ukurasa wa malipo ukamwonyesha gharama ya kusafirisha mzigo. Akafunga simu, akalala. Saa moja baadaye barua pepe inaingia: "Umesahau kitu kwenye kikapu chako." Ina picha ya zile dera mbili na kitufe cha kumrudisha palepale alipoishia. Kesho yake jioni mteja analipa.

Ripoti ya programu inayotuma barua hizo itaandika kwamba oda hiyo imeokolewa, na mwenye duka ataiamini. Lakini hakuna mtu aliyemuuliza mteja. Huenda barua ndiyo iliyomkumbusha. Huenda pia alikuwa anasubiri mshahara uingie, au alitaka kwanza kumwonyesha dada yake rangi ya shuka, na angelipa kesho yake hata kama barua isingekuja. Oda ya namna ya kwanza ni mauzo mapya kwa duka. Oda ya namna ya pili duka lingeipata bila kutuma chochote. Kwenye ripoti zote mbili zinahesabiwa sawa, na hapo ndipo fedha nyingi za wafanyabiashara wa mtandaoni zinapopotea bila wao kujua.

Kuacha kikapu ni jambo la kawaida mno. Taasisi ya Baymard ya Denmaki, ambayo kwa miaka mingi imekusanya tafiti kuhusu ununuzi wa mtandaoni, inaweka wastani kwenye takriban asilimia 70: katika kila vikapu kumi, saba haviishii kwenye malipo. Ukiitazama namba hiyo haraka utadhani duka linavuja. Sivyo. Watu wengi hutumia kikapu kama karatasi ya kuandikia wanachokitamani. Wengine wanalinganisha bei na duka jingine, na wengine wanataka tu kuona jumla pamoja na usafiri. Kwa maduka ya kwetu ongeza sababu nyingine: ujumbe wa kuweka namba ya siri ya malipo ya simu umechelewa, mteja amekata tamaa, kisha akampigia muuzaji au kumwandikia WhatsApp na kulipa kwa Lipa Namba. Kwa kompyuta kikapu hicho kimeachwa, wakati mzigo tayari uko kwa bodaboda.

Tuone sasa jinsi barua inavyotoka. Mfumo hauwezi kumkumbusha kila mtu. Unamkumbusha yule tu ambaye ameshaacha anwani yake, ama kwa sababu ana akaunti dukani, ama kwa sababu alifika ukurasa wa malipo na kuandika barua pepe kabla ya kuondoka. Mfumo unasubiri muda uliopangwa, tuseme saa moja, unaangalia kama oda imeshalipwa, na kama haijalipwa unatuma. Maduka mengi hupanga barua tatu: ya kwanza baada ya saa moja, ya pili siku inayofuata, na ya tatu siku mbili au tatu baadaye ikiwa na kuponi ya punguzo.

Hebu mfikirie mtu anayelengwa na barua hizi. Si mpita njia aliyetupia jicho bidhaa na kuondoka. Amechagua kipimo, amechagua rangi, ameandika anwani ya nyumbani, amebakiza hatua moja tu. Katika wageni wote wa duka, huyu ndiye mwenye nia kubwa kuliko wote. Ndiyo maana kundi hili lina watu wengi watakaorudi wenyewe, na ndiyo maana barua za vikapu huonekana kwenye ripoti kuwa hodari kuliko barua nyingine zote. Mpiga debe wa stendi anayelipwa kwa kila abiria aliyepanda basi atahesabu na wale waliokuja na tiketi mkononi, kwa sababu kweli alisimama mlangoni akiita walipokuwa wanapanda.

Programu nyingi hujipa sifa kwa kanuni rahisi: kama mtu alifungua au kubofya barua, kisha akanunua ndani ya siku kadhaa, oda hiyo ni ya barua. Baadhi ya programu huweka siku tano bila mwenye duka kuchagua. Kanuni hiyo inaonyesha kipi kilitangulia kipi, na inaishia hapo. Haioneshi kipi kilisababisha kipi. Tena kipimo cha kufungua barua kimeharibika tangu Septemba 2021, Apple walipoleta iOS 15 na kinga mpya ya faragha kwenye programu yao ya barua. Ufunguzi wa barua hutambuliwa kwa kapicha kadogo kasikoonekana kanachopakuliwa barua inapofunguliwa. Kwa wanaotumia kinga hiyo, Apple hupakua picha zote mapema, mtu awe ameisoma barua au hajaisoma. Kwa hiyo mwenye iPhone ambaye hakuigusa kabisa barua yako anaweza kuhesabiwa kuwa ameifungua, na akinunua keshokutwa, barua itadai oda yake.

Wapo wanaojaribu kurekebisha hesabu kwa kulinganisha waliobofya barua na wasiobofya. Waliobofya wamenunua mara nne zaidi, kwa hiyo barua inafanya kazi mara nne! Hoja hii huvutia sana kwenye vikao, nayo haina msingi. Anayebofya picha ya dera aliloliacha ni yule aliyekuwa bado analitaka. Barua haikumpa nia. Nia yake ndiyo iliyomfanya abofye. Na wale wasiobofya wamejaa watu walioshaghairi kabisa. Unalinganisha watu wawili tofauti kisha unaipa barua sifa ya tofauti yao.

Wengine hulinganisha mwezi wa barua na mwezi uliotangulia. Hapo mwisho wa mwezi, sikukuu ya Idi, kufunguliwa kwa shule na bei ya nauli vyote vinaingia ndani ya hesabu, na huwezi kuvitoa.

Njia inayotoa jibu ni moja: kuwaacha baadhi ya watu bila kuwatumia barua, na kuwachagua kwa bahati nasibu. Hawa tuwaite kundi la kimya. Kwa kuwa kura ndiyo iliyogawa, kundi la barua na kundi la kimya litakuwa na wastani uleule wa wanaosubiri mshahara, walioghairi, wateja wa zamani na waliokwama na mtandao. Kitu pekee kinachowatofautisha ni barua. Basi kundi la kimya linatuonyesha kile ambacho hakuna ripoti inayoweza kukionyesha, yaani ni wangapi wangerudi wenyewe.

Tufanye hesabu kamili kwa duka la mfano. Namba hizi nimezipanga mimi ili ziwe rahisi kufuata, lakini mwenendo wake ndio utakaoukuta kwenye duka halisi. Duka liko Dar es Salaam, linauza madera, vitenge na mashuka kwa wateja wa ndani na kwa Waswahili walioko Muscat na London. Oda ya kawaida ni shilingi 80,000, na faida kabla ya gharama za uendeshaji ni shilingi 24,000 kwa oda. Kwa miezi kadhaa watu 8,000 wameacha vikapu huku barua pepe zao zikijulikana. Kura imewagawa 4,000 kwenye kundi la barua na 4,000 kwenye kundi la kimya. Kila mtu anafuatiliwa kwa siku 14.

Katika kundi la barua, watu 440 wamenunua, sawa na asilimia 11. Katika kundi la kimya wamenunua 360, sawa na asilimia 9. Tofauti ni oda 80. Hizo 80 ndizo zilizoletwa na barua. Wakati huohuo, ukifungua ripoti ya programu, inasema imeokoa oda 290, kwa sababu kati ya wale 440, watu 290 walifungua au kubofya barua ndani ya siku tano kabla ya kulipa. Kwa fedha, ripoti inadai mauzo ya shilingi 23,200,000. Kura inasema shilingi 6,400,000.

Itazame tena ile 360. Hao ni watu ambao hawakuandikiwa neno. Walirudi wenyewe, wakatafuta duka, wakalipa. Na upande wa pili, kati ya wale 440 wa kundi la barua, 360 hivi ni wenzao wa namna hiyohiyo. Huwezi kumnyooshea mmoja mmoja kidole na kusema huyu angerudi, huyu asingerudi. Kura haimjui mtu binafsi, inajua idadi tu. Kwa uamuzi wa biashara, idadi inatosha.

Sasa kuponi. Katika duka letu la mfano barua ya tatu inatoa punguzo la asilimia 10, yaani shilingi 8,000 kwa oda ya kawaida, na wanunuzi 200 wameitumia. Punguzo hilo limekula shilingi 1,600,000. Faida ya zile oda 80 za kweli ni shilingi 1,920,000. Kinachobaki ni shilingi 320,000 kwa miezi yote hiyo, na bado hujalipa ada ya programu. Aliyesoma ripoti peke yake alihesabu oda 290 mara shilingi 24,000, akaona karibu shilingi milioni saba za faida, akaona kuponi ni kitu kidogo.

Faida hiyo ndogo imefichaje mambo yake? Tuwagawe watu kwa historia yao. Katika kila kundi, watu 1,500 waliwahi kununua dukani hapo zamani na 2,500 ni wageni. Wateja wa zamani walionunua ni 255 kwenye kundi la barua na 240 kwenye kundi la kimya. Wageni walionunua ni 185 kwenye kundi la barua na 120 kwenye kundi la kimya. Kwa hiyo kati ya oda 80 mpya, 65 zimetoka kwa wageni na 15 tu kwa wateja wa zamani. Lakini ukiangalia waliotumia kuponi 200, wateja wa zamani ni 130. Duka limewalipa watu wake wa siku zote shilingi 1,040,000 za punguzo ili kupata oda 15 zenye faida ya shilingi 360,000. Kwa wageni, punguzo la shilingi 560,000 limeleta faida ya shilingi 1,560,000. Upande mmoja hasara ya shilingi 680,000, upande mwingine faida ya milioni moja, na ukizijumlisha unapata ile 320,000.

Mwelekeo huu haukutokea kwenye karatasi yangu tu. Mwaka 2012 wachumi Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis walifanya majaribio makubwa ndani ya kampuni ya eBay kuhusu matangazo ya kulipia kwenye mitambo ya kutafuta, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la Econometrica. Walipozima matangazo yaliyojitokeza pale mtu alipoandika neno eBay lenyewe, karibu wageni wote, asilimia 99.5 ya waliokuwa wakibofya tangazo, waliingia kupitia matokeo ya bure yaliyo chini yake. Kwa maneno mengine tangazo halikuwa linaleta watu. Walikuwa njiani tayari. Na pale matangazo mengine yalipokuwa na athari, yaliwagusa wateja wapya na wale wanunuzi wa nadra, si wale waliokwisha kuwa wazoefu. Kikapu si tangazo la Google, lakini kanuni ni ileile: ukaribu wa mtu na malipo unapokuwa mkubwa, kazi iliyobaki kwa ujumbe wako inakuwa ndogo.

Kupanga kura kunahitaji uangalifu, na makosa mengi hayaonekani kwa macho. La kwanza ni saa ya kupiga kura. Ukigawa watu mara tu wanapoweka bidhaa kwenye kikapu, makundi yote mawili yatajaa watu waliolipa ndani ya dakika ishirini, kabla barua haijafikiriwa kutumwa. Watu hao wanaififisha tofauti. Kura ipigwe sekunde ileile ambayo barua ilikuwa itumwe, baada ya mfumo kuhakikisha kwamba mtu hajalipa. Aliyeangukia kundi la barua atumiwe. Aliyeangukia kimya aandikwe kwenye daftari la mfumo kwamba barua yake imezuiwa, pamoja na tarehe na saa, ili siku zake 14 zihesabiwe kuanzia hapo kama za mwenzake.

La pili ni kumgawa mtu, si kikapu. Mtu mmoja akiacha vikapu vitatu katika mwezi na kila kimoja kikapigiwa kura yake, atapata barua kwa kimoja na kunyimwa kwa vingine, na hutajua alinunua kwa sababu ya ipi. Akishapangiwa kundi abaki humo mpaka jaribio liishe. Duka dogo lisilo na mtaalamu wa programu linaweza kutumia namba ya mteja ambayo mfumo humpa kila anayejiandikisha: shufwa barua, witiri kimya. Tarakimu ya mwisho ya namba ya simu si chaguo zuri, kwa sababu watu huchagua namba za simu, na anayenunua namba ya kupendeza yenye sifuri nyingi si mteja wa kubahatisha.

La tatu, na hapa nimeona watu makini wakiteleza, ni kuwaondoa kwenye hesabu walioandikiwa barua ambayo haikufika au haikufunguliwa. Inaonekana haki: kwa nini nimhesabu asiyeisoma? Lakini kundi la kimya halina watu wa namna hiyo waliotolewa, kwa sababu huko hakuna barua ya kufunguliwa. Ukiwatoa upande mmoja tu, umerudi kulinganisha wenye nia na mchanganyiko. Wote 4,000 wabaki, hata ambao barua zao ziligonga mwamba.

Oda nazo zihesabiwe kutoka kwenye kitabu cha mauzo cha duka, si kutoka kwenye programu ya barua. Kundi la kimya haliko kwenye programu ya barua kabisa. Na oda zinazolipwa kwa Lipa Namba, kwa simu au dukani zinapaswa kuunganishwa kwa namba ya simu ya mteja. Tukiacha hilo, athari ya barua itakuzwa bila sababu: barua ina kitufe kinachompeleka mtu kulipia tovutini ambako anaonekana, ilhali asiye na barua hupiga simu, akalipa, na kompyuta ikamwandika kuwa hakurudi. Kwa maduka ya Afrika Mashariki naliona hili kuwa kosa la hatari kuliko yote.

Halafu kuna suala la muda. Barua ya kukumbusha mara nyingi humharakisha mtu ambaye angenunua tu baadaye kidogo. Katika duka letu la mfano, mwisho wa siku ya pili tofauti kati ya kundi la barua na kundi la kimya ilikuwa oda 120. Kufikia siku ya 14 tofauti imeshuka hadi 80, maana kundi la kimya liliendelea kurudi polepole. Aliyefunga hesabu siku ya pili ameandika oda 40 zisizokuwepo. Njia ya kujua siku ngapi zinatosha ni kuchora tofauti ya kila siku na kuangalia inapoacha kusogea. Kwa bidhaa ambazo watu huzinunua mshahara ukiingia, siku 30 ni salama zaidi kuliko 14.

Kabla hujaiamini namba yoyote, hesabu kwanza makundi. Ukigawa watu 8,000 nusu kwa nusu, kura ya haki itakupa 4,000 kwa 4,000, ikipishana kwa makumi kadhaa. Ukikuta 4,300 upande mmoja na 3,700 upande wa pili, usiendelee. Kuna kitu kinawadondosha watu, huenda wa kimya waliolipa mapema hawaandikwi daftarini, na matokeo yote yaliyojengwa juu yake hayafai.

Bado kuna bahati. Hata barua isingefanya chochote, makundi mawili ya watu 4,000 yasingenunua sawasawa kabisa. Hesabu ya kawaida ya takwimu inasema kwamba kwa namba zetu, athari ya kweli inaweza kuwa popote kati ya oda 27 na oda 133, kwa uhakika wa asilimia 95. Ule upana unawaudhi wenye maduka wanaotaka namba moja. Lakini ripoti ilidai 290, na 290 iko mbali nje ya upana huo. Na kama ukweli uko karibu na 27, kuponi imeliingiza duka kwenye hasara ya zaidi ya shilingi laki tisa. Hizo oda 15 za wateja wa zamani ndizo zenye shaka kubwa kuliko zote: kwa watu 1,500 kila upande, tofauti ndogo hivyo haiwezi kutenganishwa na sifuri. Ile ya wageni, 185 kwa 120, ni imara.

Hapa ndipo duka dogo linapokutana na ukuta. Ili kuitambua tofauti ya kutoka asilimia 9 hadi 11 bila kutegemea bahati, unahitaji watu takriban 3,600 katika kila kundi. Duka lenye vikapu 150 kwa mwezi litasubiri miaka minne. Duka kama hilo lisijifanye linapima. Litume barua moja ya heshima isiyo na punguzo, ambayo gharama yake ni karibu na bure, na liachane na kuponi mpaka litakapokua. Kwa gharama ya sifuri huhitaji ushahidi mwingi. Ukianza kutoa shilingi 8,000 kwa kila mtu, unauhitaji. Duka la kati linaweza kuendesha jaribio miezi sita na kusoma matokeo mara moja tu, mwishoni. Anayechungulia kila wiki na kusimamisha siku tofauti inapopendeza atakuwa amechagua siku ya bahati nzuri na kuiita matokeo.

Kuna pingamizi la haki ambalo kila mwenye duka hulitoa: kuwanyima watu 4,000 barua si kupoteza mauzo? Ndiyo, katika mfano wetu yamepotea mauzo ya oda 80. Hiyo ndiyo bei ya kujua, nayo inapimika. Jaribio la kwanza likishaisha, kundi la kimya linaweza kupunguzwa hadi mtu mmoja kati ya kumi na kuachwa lidumu, kwa sababu tabia za wateja hubadilika. Hasa kuponi huzibadilisha. Mteja akishajua kwamba kikapu kilichoachwa hulipwa punguzo siku ya tatu, ataviacha makusudi, na atafanya hivyo akiwa kundi lolote, kwa kuwa hajui kama amepangiwa kimya. Hasara hiyo kura haiioni vizuri. Dalili yake iko kwenye kitabu cha mauzo: wateja wa zamani wanaoacha kikapu kila mara, kisha kulipa siku ileile kuponi inapofika.

Jambo lingine ambalo kura hii haijajibu ni kama wageni walirudishwa na barua yenyewe au na punguzo. Wote walipangiwa vyote viwili. Duka la mfano linapaswa kuendesha jaribio la pili lenye makundi matatu kwa wageni: kimya, barua isiyo na kuponi, na barua yenye kuponi. Wateja wa zamani waondolewe kuponi leo hii. Jaribio hilo likionyesha barua tupu inarudisha karibu watu walewale, zile shilingi 560,000 nazo zitabaki dukani.

Kwa hiyo, wewe unayelipia huduma ya vikapu, au unayeshawishiwa kuilipia, usiulize imeokoa oda ngapi. Uliza kama inaweza kugawa watu kwa kura na kuwaacha baadhi yao kimya, kisha uombe namba za walionunua katika makundi yote mawili, zikihesabiwa kutoka kwenye kitabu chako cha mauzo. Programu kadhaa kubwa zina uwezo huo tayari. Kama yako haina, orodha ya namba za wateja na karatasi ya hesabu ya Excel vinatosha kuanza wiki hii.